Kumsalimu mtu asiyejua lugha yako: mwongozo wa nusu dakika ya kwanza

Watu wawili wanaozungumza lugha moja wanaposalimiana, maneno hufunika makosa mengi ya mwili. Ukisimama karibu mno au ukitabasamu kwa kuchelewa, "habari za leo" inakuokoa. Lugha isipokuwepo, hakuna cha kukuokoa. Mwenzako anakusoma macho, mikono na miguu, na akiona jambo lisiloeleweka hawezi kukuuliza ulikuwa na maana gani.

Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni mpangilio: nini kitangulie, nini kifuate, na kila kitu kichukue muda gani. Salamu nzima inayoelezwa hapa haizidi nusu dakika, na neno la kwanza hutamkwa ikiwa imeshafika katikati.

Salamu huanza mkiwa bado mbali

Mwaka 1973 watafiti Adam Kendon na Andrew Ferber walichapisha uchambuzi wa filamu walizopiga watu wakisalimiana kwenye sherehe. Walipozitazama polepole waliona jambo ambalo sote hulifanya bila kujijua. Watu wanaonana, wanapeana ishara fupi kutoka mbali, halafu mmoja anapomsogelea mwenzake huondoa macho kwa muda. Anapokaribia kabisa humtazama tena, na hapo ndipo salamu yenyewe inafanyika. Kuna salamu mbili, basi, ya mbali na ya karibu, na katikati yake macho hupumzika.

Anayekutana na mgeni wa lugha mara nyingi huiruka ile ya kwanza. Anatembea kimya huku macho yakiwa chini kwa aibu, kisha anachomoza ghafla mbele ya mtu akiwa na tabasamu kubwa. Yule mtu hushtuka, na kushtuka huko kunaweza kuharibu yote yanayofuata.

Anza mkiwa umbali wa hatua sita hadi nane. Kabla ya hapo toa vifaa vya kusikilizia masikioni, vua miwani ya jua, weka simu mfukoni, na acha mikono ionekane. Mikono iliyo mfukoni au nyuma ya mgongo humfanya mtu asiyekujua ajiulize umeshika nini. Subiri akutazame. Kama anahesabu pesa, anazungumza na simu au anambembeleza mtoto, muache amalize.

Macho yakikutana, nyusi zako zitapanda zenyewe na kushuka. Mtafiti Irenäus Eibl-Eibesfeldt alilirekodi tendo hili kwa filamu katika jamii nyingi zilizo mbalimbali, na aligundua kwamba huchukua kama sehemu moja ya sita ya sekunde. Halihitaji mazoezi, liache litokee. Ukizipandisha nyusi kwa makusudi na kuzishikilia juu, sura inageuka kuwa ya mshangao au ya swali. Kuna jamii pia zinazolizuia: Wajapani watu wazima huona si adabu kumpandishia nyusi mtu usiyemfahamu. Asipokujibu kwa nyusi, usihesabu kuwa umekataliwa.

Kisha inua mkono wa kulia hadi usawa wa bega, vidole vikiwa vimelegea, kiganja kikitazama pembeni kidogo. Sekunde moja inatosha. Usikisukume kiganja kilichofunguka kuelekea uso wa mtu, kwa sababu Ugiriki, kwa mfano, hilo ni tusi zito.

Tabasamu linalokua

Tabasamu lifuate macho, lisiyatangulie. Ukitokea tayari unatabasamu kabla hajakuona, ataona unacheka jambo jingine, pengine unamcheka yeye.

Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alionyesha mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli hutumia msuli wa shavu unaovuta pembe za mdomo, pamoja na msuli unaozunguka jicho. Ule wa shavu unakutii mara moja ukitaka. Ule wa jicho watu wengi hawawezi kuuamuru vizuri. Ndiyo maana tabasamu la kulazimisha huonekana mdomoni peke yake huku macho yakibaki makavu. Dawa yake si kukaza macho, maana utaonekana unasumbuliwa na jua. Tafuta kitu kimoja kwa huyo mtu ambacho kweli kinakupendeza: jinsi alivyomshika mtoto, rangi ya kitambaa chake, ule uvumilivu wa kusimama kwenye foleni ndefu. Fikiria hicho, na uso utafanya kazi yake.

Anza na tabasamu dogo, mdomo umefungwa, kisha angalia jibu. Akirudisha, lako liongezeke. Asiporudisha, libaki pale pale lilipo na uendelee kwa utulivu. Hili lina maana sana kwa sababu si kila mahali mtu humtabasamia asiyemjua. Warusi wengi, kwa mfano, huliweka tabasamu kwa ajili ya watu wanaofahamiana au kwa jambo lenye sababu, na mgeni anayewachekea barabarani humwona wa ajabu tu. Uso usiotabasamu haumaanishi hasira.

Makosa mawili hutokea zaidi. La kwanza ni tabasamu linalowaka na kuzimika kama taa: mtu anageuka tu, nawe sura imekwisha kukauka. Yeye akikuangalia mara ya pili kwa pembe ya jicho, anaona ule ukavu, na anauamini kuliko tabasamu. Liache lififie taratibu. La pili ni kucheka na rafiki uliyesimama naye mara tu baada ya kumsalimu mgeni. Hata kama mnachekea jambo jingine kabisa, yeye hana namna ya kulijua hilo.

Kumkaribia

Sogea kwa mwendo wa kawaida, kwa upande anaokuona, wala usimwendee moja kwa moja kifua kwa kifua kama unayekwenda kudai deni. Ukiwa njiani, ondoa macho kidogo, utazame sakafu au pembeni, kama wale watu wa kwenye filamu. Kumkazia mtu macho kwa hatua nane mfululizo kunachosha na kunatisha.

Usimame wapi? Edward Hall, aliyeandika kuhusu nafasi kati ya watu mwaka 1966, aliweka umbali wa watu wanaozoeana kati ya sentimeta 45 na mita 1.2, na ule wa shughuli za kawaida kuanzia hapo hadi kama mita 3.6. Vipimo hivyo alivipata kwa Wamarekani, na yeye mwenyewe alisisitiza kwamba jamii hutofautiana. Anza basi kwenye mpaka: simama mita moja na robo hivi, yaani kila mmoja akinyoosha mkono vidole vikutane bila kujisukuma, halafu muache yeye aamue. Akisogea, baki ulipo. Akirudi nyuma nusu hatua, usimfuate. Hapo amekuonyesha kipimo chake. Na kama ameketi, usimsimamie kichwani. Rudi nyuma kidogo zaidi, au keti ikiwezekana.

Kiganja kifuani

Ukilazimika kujifunza ishara moja tu, jifunze hii. Weka kiganja cha mkono wa kulia juu ya kifua, kushoto kidogo, vidole vikiwa pamoja lakini havikukazwa. Inamisha kichwa kiasi cha kidevu kushuka upana wa vidole viwili, kaa hapo kwa pumzi moja, kisha inua.

Uzuri wake ni kwamba haimdai mtu kitu. Mkono ulionyooshwa unadai mkono mwingine, na wapo wengi wasioweza kuutoa: mwenye mizigo, mgonjwa, mwanamke au mwanamume ambaye dini yake haimruhusu kumgusa mtu wa jinsia nyingine. Mkono wako ukibaki hewani, mmeaibika nyote wawili. Kiganja kifuani hakibaki hewani kamwe. Kwetu tuliolelewa na shikamoo ina faida nyingine pia: ukikutana na mzee ambaye lugha yake huijui, unaweza kukishusha kichwa zaidi na kukaa hapo muda mrefu kidogo, na heshima uliyotaka kuitoa ikafika.

Kupeana mikono kuache kwake. Akinyoosha, toa wa kulia, mbane kwa nguvu ile ile anayokubana yeye, mtikise mara mbili au tatu, na uachie anapoachia. Akiinama, inama. Akiunganisha viganja, unganisha vyako usawa wa kifua na uinamishe kichwa. Usijaribu kunakili urefu wa mikono yake. Kwa Wathai, kwa mfano, kimo cha viganja kinaonyesha daraja la heshima, na asiyejua hesabu hiyo ni salama akibaki kifuani.

Ishara za vidole ziache nyumbani. Kidole gumba kilichoinuliwa, ambacho wengi hukiona kuwa ni "safi kabisa", kimezoeleka kama tusi nchini Irani na Afghanistani. Duara la kidole gumba na cha shahada ni matusi nchini Brazili. Kumwita mtu kwa kukunja kidole kimoja ni dharau Ufilipino, ambako mbwa ndiye huitwa hivyo. Na usitegemee kichwa kwa ndiyo na hapana, kwa kuwa Wabulgaria hutumia mwendo wa kichwa kinyume na wengi wetu. Ukihitaji kumwonyesha mtu au kitu, tumia mkono mzima, kiganja kikitazama juu.

Neno moja, na lichaguliwe vizuri

Sasa ndipo mdomo unafunguliwa. Sema neno moja, kwa sauti ya kawaida. Kupaza sauti ndilo kosa la wengi, kana kwamba tatizo liko masikioni. Anayepaziwa sauti husikia ukali tu.

Neno la lugha gani? Kama unajua kwa hakika lugha yake, na salamu yake unaijua, itumie. Kama unakisia kwa kumtazama sura, usithubutu. Kumwambia Mkorea au Mvietinamu "ni hao" ya Kichina ni kumjulisha kwamba umemtazama na ukampanga kwenye fungu. Ni afadhali salamu ya lugha yako mwenyewe, itamkwe kwa upole, maana mlio wa sauti ndio unaosikika.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Karibu salamu zetu zote ni maswali au zinadai jibu: hujambo, habari, vipi, mambo. Ukimwambia mgeni "Habari?" huku sauti inapanda, anasikia swali, anajua anatakiwa kujibu, na hana cha kujibu. Anabaki kukutazama kwa wasiwasi. Chagua neno linalosimama lenyewe. "Jambo" ile tunayoicheka kuwa ni ya watalii inafaa sana hapa: silabi mbili, irabu zilizo wazi, haina sauti ya kuuliza. "Karibu" nayo inafaa pale ambapo wewe ndiye mwenyeji.

Ukitaka kujifunza neno la lugha yake, kigezo ni hicho hicho. Tafuta salamu fupi, isiyo swali na isiyofungwa na saa. "Merhaba" ya Kituruki hufaa muda wote. "Konnichiwa" ya Kijapani ni ya mchana. Angalia pia kama salamu inabadilika kwa idadi: Kizulu kina "sawubona" kwa mtu mmoja na "sanibonani" kwa wengi. Lijifunze kwa sikio kutoka kwa mzungumzaji, si kwa maandishi. Msikilize mara tatu bila kulisema: mara ya kwanza sikiliza silabi ipi ina uzito, ya pili sauti inapanda wapi na kushuka wapi, ya tatu linaishaje. Sisi tumezoea uzito kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na karibu kila silabi kuishia na irabu, kwa hiyo tunapachika uzito mahali pasipo pake na kuongeza irabu ambayo haipo. Makosa hayo mawili ukiyakwepa, umeshaeleweka.

Jina

Salamu inaweza kuishia hapo. Lakini kama mtaonana tena, jina ni lazima, nalo lina kanuni moja: litaje tupu. Tuseme unaitwa Rehema. Ukisema "Mimi naitwa Rehema", mgeni hana njia ya kujua jina linaanzia wapi. Wapo walioitwa "Naitwa" mwezi mzima. Weka kiganja kifuani, sema "Rehema", vuta pumzi, sema tena "Rehema". Basi.

Kisha geuza mkono huo huo kuelekea kwake, kiganja juu, usawa wa tumbo, usimguse. Pandisha nyusi, na hapa sasa unaweza kuzishikilia, kwa sababu unauliza kweli. Halafu nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Wengi hushindwa hapo: baada ya sekunde mbili za ukimya wanaanza kuongea, na yule aliyekuwa anakaribia kujibu anarudi kwenye kuchanganyikiwa.

Akijibu, rudia ulichosikia na umtazame. Akitabasamu na kunyamaza, umepatia. Akirudia kwa polepole, anakusahihisha; jaribu tena. Majaribio mawili yanatosha. La tatu linageuza salamu kuwa darasa.

Mara nyingine ataweka mkono kifuani na kusema "Rehema". Hakukosea kwa uzembe. Amedhani Rehema ndiyo salamu yako, na anakurudishia kwa adabu. Usicheke, wala usitikise kichwa. Kama kuna mtu wa tatu, mtumie: jionyeshe, "Rehema", mwonyeshe mwenzako, "Juma", kisha elekeza kiganja kwa mgeni na usubiri. Mfano mmoja haukuonyesha kanuni, wa pili unaionyesha. Kama mko wawili tu, acha. Jina litapatikana siku nyingine.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Mama wa makamo amehamia kwenye jengo lenu. Unajua anazungumza Kirusi na hajui lugha nyingine unayoijua. Unamkuta kwenye korido, amebeba boksi kwa mikono miwili.

Unasimama hatua saba mbele yake, ukijibanza ukutani kidogo ili njia ibaki wazi. Anainua macho. Unainua mkono begani, unatabasamu kidogo, mdomo umefungwa. Yeye hatabasamu. Tabasamu lako halikui wala halizimiki. Anakuja yeye mwenyewe kwa kuwa njia yake iko huku, nawe unatazama lile boksi, si uso wake. Akiwa kama mita moja na nusu, unamtazama tena, unaweka kiganja kifuani, unainamisha kichwa: "Jambo."

Mikono yake imejaa. Ungenyoosha wako, angelazimika kuliweka boksi chini au kukukatalia. Anajibu kwa kuinamisha kichwa na kusema neno refu la lugha yake. Hukulielewa, na hulihitaji; usilirudie kwa kubahatisha. Unasema "Rehema", pumzi, "Rehema". Unaelekeza kiganja kwake, unahesabu. Kwenye nne anasema: "Ksenia."

Unarudia: "Kisenia." Anarudia, taratibu zaidi, na midomo yake inakuonyesha kwamba mwanzoni hakuna irabu. Ile "ks" unayo tayari. Imo ndani ya neno "teksi". Unasema "Ksenia". Sasa pembe za macho yake zinajikunja kidogo, na hapo ndipo tabasamu lako linaruhusiwa kukua.

Boksi ni zito, usimcheleweshe. Kumsaidia je? Onyesha boksi kwa kiganja kilichofunguka, kisha mikono yako miwili ikiwa tayari kupokea, na usubiri. Akilisogeza kwako, pokea. Akilivuta kifuani kwake, jibu umelipata, usilishike.

Kuondoka nako kuna namna yake. Rudi nusu hatua, kiganja kifuani, sema jina lake, "Ksenia", inamisha kichwa. Geuka kwa upande kwanza, si mgongo kwa mara moja, ili tabasamu lipate muda wa kufifia mbele yake. Mpaka hapo hamjafikisha nusu dakika.

Ukifika ndani, andika jina kama ulivyolisikia, pamoja na lile neno refu kwa herufi zozote zitakazokukumbusha mlio wake. Kesho mkikutana usirudie mtiririko wote. Mkono begani, jina lake, na tabasamu linaloanzia pale mlipoliachia jana. Akilisema tena lile neno refu, lisikilize kwa ajili ya silabi yenye uzito tu. Safari ya tatu utakuwa na la kumjibu.